Namna ya Kuifundisha Simu Ikusomee Ujumbe Ukiwa Usukani

Dereva anayesoma ujumbe huku anaendesha anahitaji mikono mitatu: mmoja wa usukani, mmoja wa honi na mmoja wa simu. Kwa kuwa tumejaaliwa miwili tu, kila mara kuna kazi inayokosa mkono, na mara nyingi kazi hiyo ni usukani. Macho nayo hayakubali kugawana zamu, moja litazame barabara ya Mtoni na jingine lisome "uko wapi?". Yaliyobaki bure ni masikio. Basi tuyape kazi.

Mwongozo huu nimewaandikia hasa madereva wa teksi na wa gari za watalii wanaotoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, Kiembesamaki, hadi Nungwi. Ni kama kilomita 60, kupitia Mtoni, Bububu, Mahonda na Kinyasini, na njiani humo utakutana na gari la ng'ombe, watoto wanaotoka chuoni, Vespa iliyobeba godoro, na daladala linalosimama pale ambapo abiria ametamani kushuka. Katika safari hiyo hiyo simu italia. Mteja wa kesho anauliza bei, mwenye hoteli anauliza mmefika wapi, na nyumbani wanauliza kama utapitia samaki. Wote watatu wanataka jawabu sasa hivi, na hakuna hata mmoja kati yao anayemuona ng'ombe aliye mbele yako.

Niseme mapema ninachokiamini, ili usije ukanisoma mpaka mwisho ukitarajia muujiza. Kusomewa ujumbe kwa Kiswahili ni jambo linalowezekana leo, kwa simu ya kawaida ya Android, bila malipo. Kujibu kwa sauti kwa Kiswahili bila kuigusa simu ni jambo ambalo simu nyingi tulizonazo haziwezi kulifanya kwa kutegemewa. Kwa hiyo simu isome, na jawabu liandikwe kabla ya safari. Anayetaka kujadiliana na mteja bei ya safari ya Jozani huku anapita katikati ya soko la Mahonda, aegeshe.

Kwanza, mdomo. Simu husoma maandishi kwa injini ya sauti, na injini hiyo lazima ijue Kiswahili. Ukiiachia injini ya Kiingereza, itakusomea ujumbe wa mama yako kwa matamshi ya mgeni aliyeteremka kwenye ndege asubuhi ya leo, na "njoo" itatoka kama jina la mji wa mbali. Wenye iPhone wajue kwamba Siri haina Kiswahili, hivyo tabia yake ya kutangaza ujumbe haitawafaa kwa ujumbe wa nyumbani. Kwenye Android, pakua au sasisha programu ya Google iitwayo `Speech Recognition & Synthesis`, ambayo zamani iliitwa `Speech Services by Google`. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta neno `Text-to-speech`, chagua injini hiyo ya Google, na kwenye lugha chagua Kiswahili. Utakikuta kimeandikwa kuwa ni cha Kenya. Kipokee hivyo hivyo, jirani ni ndugu. Pakua na data ya sauti yenyewe ukiwa na mtandao, ili sauti isikupotee bando likiisha njiani.

Ukishapata mdomo, unahitaji wa kuupelekea maneno. Ipo programu ya bure iitwayo `Voice Notify`, ambayo kazi yake ni moja tu: kila arifa inapoingia, inaisoma kwa sauti. Ukiifungua itakuomba ruhusa ya kuona arifa zako, na hapa ningependa usimame kidogo ufikiri. Ruhusa hiyo huiwezesha programu kuona arifa zako, na kwenye simu nyingi hata namba za siri za muda ambazo benki hukutumia. Usiitoe kwa programu uliyorushiwa na rafiki kwenye WhatsApp. Chukua kutoka duka rasmi la programu, na ukiona programu ya kusoma arifa inakuomba pia majina yako yote, picha na mahali ulipo, iondoe.

Ukimaliza, simu itaanza kusema. Na itasema kupita kiasi! Itatangaza kwamba chaji imefika asilimia 80, kwamba kuna timu imefunga bao Ulaya, na kwamba kampuni ya simu ina ofa kabambe kwa ajili yako. Ndiyo maana hatua inayofuata ni kuifunga domo. Kwenye orodha ya programu ndani ya `Voice Notify`, zima zote, kisha washa mbili tu: WhatsApp unayoitumia, iwe ya kawaida au ya biashara, na ujumbe mfupi wa kawaida. Halafu nenda pale panapowekwa maneno ya kupuuzwa. Andika humo jina la kikundi cha harusi, jina la kikundi cha wazazi wa skuli, na jina la kikundi cha mpira. Kikundi cha harusi peke yake kinaweza kuizungumzisha simu kutoka Bububu mpaka Kinyasini bila kupumua, kwa sababu kila anayechangia elfu kumi lazima watu arobaini wamwambie mashaallah.

Neno jingine la kupuuzwa ni "salio", na ujumbe wako wa pesa ukija kwa Kiingereza, ongeza na `balance`. Ujumbe wa pesa kwa simu hutaja kiasi kilichoingia, jina la aliyetuma na kiasi ulichobakiwa nacho. Garini una abiria. Sauti ya kike, iliyo wazi na isiyo na haraka, itawatangazia wote kwamba una shilingi elfu tatu na mia mbili. Bibi aliyekaa nyuma atakwambia kwa huruma, "Mwanangu, basi nauli chukua sasa hivi, usingoje tufike." Ataisema kwa nia njema, na wewe utakuwa huna pa kuuweka uso mpaka Nungwi.

Weka pia ukomo wa urefu. Herufi 120 zinatosha kukwambia nani ameandika na anataka nini, na anayeandika barua nzima atasubiri. Mwisho, kama utaiunganisha simu na redio ya gari, iambie programu izungumze pale tu simu inapokuwa imeunganishwa na kifaa cha sauti, ili isije ikakusomea habari za samaki ukiwa kwenye safu ya mbele msikitini.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo hakuna aliyeitengeneza simu kwa ajili yake, nayo ni mwandiko wetu. Tuchukue ujumbe mmoja kutoka kwa mtu wa kawaida kabisa:

```
A.A. cc 2po Forodhani kk, mm nko hoi xna, uko wp?
```

Wewe ukiutazama unaelewa: Assalaam alaykum, sisi tupo Forodhani kaka, mimi niko hoi sana, uko wapi? Injini ya sauti haikulelewa Unguja. Itasoma herufi mojamoja pale isipoona neno, na tarakimu itaisoma kama hesabu, hivyo "2po" itakuwa "mbili" na kitu kinachofuata. Utakachosikia garini ni mfano wa mtu anayesoma namba ya injini ya gari, na katikati yake neno moja safi, Forodhani.

`Voice Notify` ina mahali pa kubadilisha maandishi kabla hayajasomwa. Unaandika neno lilivyo upande mmoja na linavyotakiwa kusomwa upande wa pili. Weka "2po" isomwe "tupo", "xna" isomwe "sana", "wp" isomwe "wapi", "cc" isomwe "sisi", "kk" isomwe "kaka". Lakini nenda polepole, maana hapa ndipo wajanja huharibu. Kuna atakayeona njia ya mkato na kuandika kwamba kila "2" isomwe "tu". Siku hiyo hiyo mteja atamwandikia kwamba yuko tayari kutoa 25,000, na simu itasoma "tu" kisha kitu kisichoeleweka, na pesa itabaki kuwa fumbo. Atakayeweka kwamba "mm" isomwe "mimi" naye atasikia "mmoja" imegeuka kuwa "mimioja". Ujanja ni kubadilisha kipande kirefu kisichoweza kuzaliwa ndani ya neno jingine. Weka "mm nko" isomwe "mimi niko", na "2mefika" isomwe "tumefika". Orodha ya kwanza isizidi maneno kumi. Ujue kilichokushinda kwa kusikiliza ujumbe wa siku nzima nyumbani, ukae na simu, uandike kila neno lililotoka vibaya.

Kuna na tatizo la Kiingereza. Wageni wengi huandika kwa Kiingereza, na mdomo wa Kiswahili hukisoma Kiingereza kama kilivyoandikwa, kila irabu na haki yake. Injini moja haiwezi kukaa kwenye lugha mbili kwa wakati mmoja katika utaratibu huu, basi lazima uchague. Mimi nachagua Kiswahili bila kusita. Mgeni aliyekwishapanda gari hana haja ya kukuandikia, na ambaye hajapanda tutampa jawabu lake hapo chini.

Na kuna ujumbe wa sauti, ambao hapa kwetu ndio karibu mazungumzo yote. Arifa yake haina maneno ndani, ina urefu tu. Simu itakwambia jina la mtu, kwamba ametuma sauti, na pengine sekunde ngapi, basi. WhatsApp ilianza kugeuza sauti kuwa maandishi mwishoni mwa 2024, lakini Kiswahili hakikuwamo kwenye lugha zilizoanza nazo. Waambie watu wako wa karibu: ukinijua niko safarini, andika, tena andika maneno mazima. Mke atakuelewa. Wajomba watachukua muda.

Tukitoka hapo tunaingia kwenye redio. Simu iliyo kwenye kishikio cha kioo inasikika vizuri ndani ya IST yenye madirisha yaliyofungwa. Ndani ya Noah yenye watu saba na madirisha wazi haisikiki. Gari zetu nyingi zimekuja kutoka Japani zikiwa na redio za huko, na redio hizo zilitengenezwa kwa masafa ya Japani, kuanzia 76 na kwa zile za zamani kuishia 90. Ukinunua kile kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti, kinachopokea sauti ya simu kwa Bluetooth na kuirusha kwenye FM, utakikuta kinaanzia 87.5 kwenda juu hadi 108. Kifaa na redio vinakutana kwenye kijinafasi kimoja tu, kati ya 87.5 na 90. Weka kifaa na redio vyote kwenye masafa yale yale ndani ya nafasi hiyo, mahali pasipo na stesheni, na sauti itakuja. Wanaoweka 100 kisha wakazunguka na kitufe cha redio mpaka kidole kiume, na kumlaumu muuzaji wa Darajani, wamemdhulumu.

Kama fundi alikwisha kuungia kwenye antena kile kijisanduku kinachoshusha masafa ili upate stesheni za hapa, hesabu inabadilika. Kijisanduku huchukua masafa ya juu na kuyateremsha kwa kiasi maalumu. Tazama stesheni unayoijua. Kama inajitangaza kuwa iko 97.5 na wewe unaipata kwenye 77.5, basi chako kinashusha 20. Kifaa ukikiweka 103, redio iweke 83. Fanya hesabu hiyo nyumbani, andika kwenye karatasi, bandika juu ya redio.

Utagundua kasoro moja: mwanzo wa ujumbe unamezwa. Bluetooth ikikaa kimya hulala, na inapoamka sauti imeshaanza. Kwa hiyo jina la mtumaji, lililo muhimu kuliko yote, ndilo linaloliwa. Kwenye `Voice Notify` pana mahali pa kupanga nini kisomwe, na ukurasa wenyewe unaonyesha maana ya kila herufi. Ondoa jina la programu, bakisha kichwa cha arifa na maneno yake, na mbele yake weka neno la kutolewa kafara:

```
Ujumbe, ujumbe. #C. #M
```

Neno la kwanza likimezwa hakuna hasara, na la pili linakupa nafasi ya kutega sikio.

Kasoro nyingine ni simu kunyamaza kabisa baada ya nusu saa. Simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili zihifadhi chaji. Ingia kwenye mipangilio ya betri ya `Voice Notify` na uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Na kama jina la mtu linasomwa lakini maneno yake hayasomwi, angalia kufuli ya alama ya kidole ndani ya WhatsApp. Chini yake kuna chaguo la kuonyesha maneno kwenye arifa, na likiwa limezimwa simu haina cha kusoma.

Sasa kujibu. Kibodi ya Google imekuwa ikiandika Kiswahili unachokisema tangu Agosti 2017, cha Kenya na cha Tanzania, na inafanya kazi nzuri. Lakini ili izungumzishwe lazima uguse kipaza sauti, kisha usome ilichoandika, kwa sababu majina ya mitaa huichanganya, kisha uguse kutuma. Hayo ni macho na kidole mara mbili. Itumie ukiwa umeegesha kwenye sheli, injini imezimwa. Kushikilia kitufe cha WhatsApp na kurekodi huku gari linakwenda nako ni mkono wa tatu ule ule tuliokwisha kukubaliana kwamba hatuna.

Njia ninayoisimamia ni programu ya bure ya `WhatsApp Business`. Ndani ya zana zake za biashara kuna `Away message`, ujumbe unaojituma wenyewe kwa anayekuandikia. Kabla ya kuondoka Kiembesamaki, uandike hivi:

"Assalaam alaykum. Sasa hivi niko usukani, siwezi kuandika. Nitakujibu nikiegesha, inshallah ndani ya saa mbili. Ukiwa na dharura, nipigie mara mbili mfululizo."

Chini yake weka maana hiyo hiyo kwa Kiingereza, pamoja na bei yako ya uwanja wa ndege hadi Nungwi, maana hilo ndilo swali lenyewe. Mgeni akishaiona bei ametulia, na hata mdomo wa Kiswahili ukimsoma vibaya, hakuna kilichopotea. Kwenye wapokeaji unaweza kuwatoa baadhi ya watu. Mtoe mama mkwe, asije akajibiwa bei ya kwenda Nungwi. Ujumbe huu unahitaji simu iwe na mtandao, bando likiisha hautumwi. Na ukifika uuzime, la sivyo utakuwa unaendesha gari mpaka usiku wa manane huku umelala.

Tuseme uko Mahonda, na sauti inasema: "Ujumbe, ujumbe. Mwenye hoteli. Tumefika, sisi tupo nje." Umeshajua ni nani na kuna nini, na yeye ameshajua kwamba uko njiani. Mambo yote mawili yamekwisha bila mkono kuondoka usukanini. Kama ni jambo la kujadili, lisubiri mahali pa kuegesha.

Nasisitiza kuegesha kwa sababu masikio nayo si ya bure kabisa. Mwaka 2015 taasisi ya usalama barabarani ya AAA ya Marekani, kwa utafiti uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Utah, ilionyesha kwamba kwa mifumo mibaya zaidi ya kuamrisha kwa sauti, akili ya dereva inaweza kuchukua hadi sekunde 27 kurudi barabarani baada ya mazungumzo na mashine kwisha. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300. Kwenye barabara ya Bububu, ndani ya mita 300 kuna watoto wa skuli zaidi ya mmoja. Hiyo ndiyo sababu ya orodha ya maneno ya kupuuzwa, ukomo wa herufi 120, na jawabu lililoandikwa kabla: kila sentensi unayoipunguza inakurudishia barabara mapema.

Mji Mkongwe hauhitaji hata hayo. Ukiingia barabara ya Kenyatta kuelekea Shangani, au Mizingani kuelekea Malindi, na boti imeshusha watu, zima sauti yote. Pale kuna mikokoteni, wapagazi, wageni wanaotazama mapaa badala ya gari, na njia isiyotoshana na kioo chako cha pembeni. `Voice Notify` ina kitufe cha kuweka kwenye vitufe vya haraka vya juu ya simu. Kiguse ukiwa umesimama, kabla ya kuingia.

Na wenye daladala, nyinyi mnaye utingo. Anajua Kiswahili cha hapa, anaelewa "2po" bila kufundishwa, anajibu kwa sauti, na hamezi neno la kwanza. Mpe simu yeye.

Anza jioni ukiwa nyumbani, gari limeegeshwa, na mtu mmoja akutumie ujumbe wa majaribio mpaka usomeke vizuri. Usiku huo ukishindwa, kesho simu iingie kwenye kisanduku cha mbele ya abiria, ifungwe humo, na uendeshe.